Mume alifariki Machi, kilio kikaja Oktoba

Siku mumewe alipozikwa, Mwalimu hakulia. Hivyo ndivyo mtaa mzima wa huko Morogoro unavyomwita, kwa kuwa anafundisha darasa la tatu katika shule ya jirani. Alipokea wageni, akaonyesha wapi pa kuweka masufuria, akahesabu viti vya kukodi kabla havijarudishwa, akaweka sahihi pale alipoambiwa aweke. Mume, fundi friji mwenye umri wa miaka 43, alianguka na kiharusi Jumatatu asubuhi akiwa kazini, na Jumanne usiku akafariki. Mwalimu alikuwa kando ya kitanda. Aliuona mwili ukipoa. Hakuwa na shaka yoyote kwamba amefariki.

Wiki tatu baadaye, kwenye kundi la simu la kina mama wa mtaa, mtu akatuma ujumbe mrefu wenye picha ya mshumaa: hatua tano za majonzi. Kwanza mfiwa hukataa kuamini. Kisha hukasirika. Kisha huanza kupatana na Mungu. Kisha huzama katika huzuni nzito. Mwisho hukubali, na hapo amepona. Mwalimu aliusoma mara mbili, akachukua daftari la maandalio ya masomo na nyuma yake akaziandika zote tano. Mbele ya ile ya mwisho akaweka alama ya vema. Alikuwa amekwisha kukubali. Aliona kama amebarikiwa kuruka darasa nne kwa mpigo.

Alama ile ilikaa mpaka Oktoba.

Kuna jambo ambalo hakumwambia mtu. Karibu kila wiki, watoto wakishalala, alikuwa akipiga namba ya mumewe. Simu yenyewe ilikuwa kabatini, imezimwa, kwa hiyo alichosikia ni ile sauti ya kike ikisema namba haipatikani kwa sasa. Alikuwa akisikiliza maneno hayo "kwa sasa", anakata, analala. Usiku mmoja wa Oktoba simu ikaita. Ikaita mara tatu, na mwanamume akapokea. Alikuwa kijana wa Kahama aliyenunua laini hiyo mwezi uliopita.

"Samahani mama," alisema, "labda umekosea namba."

Mwalimu alikaa chini sakafuni jikoni. Kilio kilichokuja usiku ule hakikuwahi kumjia msibani. Kwa siku kumi na zaidi alikwenda shule, akafundisha kusoma saa, akarudi nyumbani, akalala na viatu. Kilichomtisha kuliko kilio chenyewe ni daftari. Miezi saba imepita, naye amerudi hatua ya kwanza, tena amerudi bila kuwahi kuipitia. Alijiona ni mtu aliyeharibika.

Hakuharibika. Kilichokuwa na kasoro ni kile alichotumiwa kwenye simu, na kasoro hiyo ina historia yake.

Hatua hizo tano zimetoka kwa Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Uswisi, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1965 wanafunzi wanne wa theolojia walimwendea wakitaka msaada wa kujifunza kuhusu kifo. Yeye akaona njia bora ni kuwauliza wenyewe wanaokufa. Akaanza kukaa na wagonjwa mahututi, mmoja mmoja, huku wanafunzi wakisikiliza. Walipofika zaidi ya mia mbili, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1969.

Msomaji na atue hapo kidogo. Waliohojiwa hawakuwa wajane. Hawakuwa wazazi waliofiwa. Walikuwa watu walioambiwa kwamba ugonjwa walio nao hautapona, na swali lilikuwa namna mtu anavyoipokea habari ya kifo chake mwenyewe. Ukisoma kwa jicho hilo, hatua zinaeleweka. Mgonjwa anakataa kuamini majibu ya vipimo, anataka vipimwe upya. Anawakasirikia wauguzi ambao kesho wataamka wazima. Kupatana na Mungu nako kunaeleweka, kwa sababu bado kuna cha kupatania. Katika kitabu hicho kuna mama mgonjwa aliyeomba apewe nguvu ahudhurie harusi ya mwanawe tu, basi. Akasaidiwa, akaenda, amependeza. Aliporudi wodini, kabla daktari hajafungua mdomo, akamkumbusha kwamba ana mtoto mwingine wa kiume.

Mwalimu apatane na nani, na kwa kitu gani? Mumewe yuko kaburini tangu Machi.

Jambo la pili ni kwamba hata kwa wagonjwa wale, Kübler-Ross hakuandika ngazi. Aliandika ndani ya kitabu chenyewe kwamba hali hizo hudumu kwa muda tofauti, hupokezana, na wakati mwingine hukaa pamoja kwa mtu mmoja. Aliandika pia kwamba tumaini huwa lipo karibu muda wote, hata kwa aliyekwisha kukubali. Lakini kitabu kina sura, na sura hufuatana kwa namba. Miaka iliyofuata washauri na walimu wa vyuo walizichukua sura zile, wakazihamisha kutoka kwa anayekufa kwenda kwa aliyefiwa, na namba zikageuka kuwa mpangilio. Yeye mwenyewe alifariki Agosti 2004. Kitabu alichoandika na David Kessler, hiki sasa kikiwahusu wafiwa, kilitoka mwaka 2005, na kinaanza kwa kulalamika kwamba hatua zimeeleweka vibaya, kwamba hazikukusudiwa kuwa vituo vya basi ambavyo kila mtu lazima avipitie kwa zamu. Wakati huo ulikuwa umechelewa. Orodha ni rahisi kukumbuka kuliko onyo.

Wapo wanaosema sayansi imekwisha kuthibitisha ngazi hiyo, nao wana kitu cha kuonyesha. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha matokeo ya watu 233 waliofiwa huko Marekani, wengi wao wakiwa wamepoteza wenzi, wakafuatiliwa hadi miezi 24. Waliofiwa kwa ajali au kwa vurugu hawakuhesabiwa. Katika mchoro uliosambaa zaidi, hali ya kutoamini inafika kileleni kwanza, kisha hamu ya marehemu, kisha hasira, kisha huzuni nzito, na kukubali kunapanda polepole mpaka mwisho. Ni mchoro mzuri sana. Tatizo ni kwamba kila mstari ulichorwa kwa kipimo chake, ili vilele vionekane. Ukiziangalia namba zenyewe, tangu mwezi wa kwanza jibu lililokuwa juu kuliko yote ni kukubali. Na kilichofuata kwa nguvu hakikuwa hasira wala kutoamini. Kilikuwa hamu: kumtamani, kumkosa, kumtafuta kwa macho sokoni.

Yaani Mwalimu hakuwa wa ajabu. Alikubali mapema kama wengi wanavyokubali, na alichokuwa akifanya usiku na simu kilikuwa hamu, ambayo katika ile orodha ya tano haimo kabisa. Mtu anaweza kujua kwa hakika kwamba mumewe amekufa, na bado akampigia simu. Mambo hayo mawili hayagombani.

Tena, hata vilele vile ni wastani. Mkazi wa Morogoro anajua kuwa Aprili ni mwezi wa mvua. Hilo halimwambii kama Jumatano atafua nguo zikakauka. Watu 233 wakichanganywa hutoa mstari laini, lakini ukimfuata mmoja mmoja unakuta milima na mabonde.

Daftari la Mwalimu lingeishia kumsumbua yeye peke yake, pengine lisingestahili kuandikwa hapa. Ujumbe ule wa kundini ulifika pia kwa ndugu wa mume, na huko ulifanya kazi nyingine.

Siku moja baada ya maziko, shemeji yake mkubwa aliondoka na pikipiki ya marehemu "ili isiharibike uani". Kadi ya pikipiki akaichukua pia. Mwalimu alinyamaza, maana msibani hakuna anayegombea pikipiki. Ilipofika Juni alimwendea. Alimwambia kwa adabu kwamba pikipiki ile ilikuwa ikileta hesabu kila siku kwa kijana aliyekuwa akiiendesha, na kwamba hesabu hiyo ndiyo ilikuwa ada na unga. Shemeji alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Shemeji, hiyo ni hasira ya msiba. Ni hatua. Itapita."

Wifi naye, aliyekuwepo, aliongeza kwamba ameisoma, ni hatua ya pili, asijilaumu. Mwalimu alirudi nyumbani akijiuliza kama kweli amekasirika kwa sababu ya pikipiki au kwa sababu ya kifo. Alijiuliza hivyo miezi minne. Miezi minne ya hesabu ya kila siku.

Hapa ndipo ngazi hii inapodhuru. Mtu akishaambiwa hasira yake ni hatua, sababu ya hasira haiulizwi tena. Kama aliyefiwa analalamika kuhusu deni, kiwanja au dawa zilizochelewa, swali la kwanza ni kama jambo analolisema ni la kweli. La Mwalimu lilikuwa la kweli, lina namba za usajili na kadi.

Watoto nao waliwekwa kwenye mizani ileile. Mvulana ana miaka 14. Siku ya arobaini, watu wakiwa wamejaa uani, alitoroka akaenda kucheza mpira. Shangazi yake alisema yuko kwenye kukataa, akitoka huko ataanguka vibaya. Binti ana miaka 8. Yeye alikuwa akila, akiruka kamba, kisha ghafla katikati ya mchezo anauliza kama baba anasikia baridi kule. Anajibiwa, anarudi kwenye kamba. Kesho anauliza tena swali lilelile kana kwamba hajawahi kujibiwa. Wakasema huyu haelewi.

Wanaofanya kazi na watoto waliofiwa wanaijua hali hii vizuri. Mtu mzima huingia katika huzuni kama anayevuka mto, anakaa majini muda mrefu. Mtoto huingia kama kwenye dimbwi la mvua: anaruka ndani, analowa, anatoka, anacheza. Kucheza hakumaanishi kwamba hana huzuni, maana mtoto hawezi kuibeba kwa muda mrefu bila kupumzika. Kurudia swali ndiko kuelewa kwenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu umri huo ndio mtoto anajifunza kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili hauhisi tena baridi wala njaa, na kwamba kila mtu atakufa. Jibu linalomfaa ni fupi, la kweli, na lisilobadilika: hapana, baba hasikii baridi, mwili wake umeacha kufanya kazi. Kumwambia amelala au amesafiri kunaleta usiku wa kuogopa kulala na kila siku ya kuangalia barabara. Na mzazi ajiandae kwamba binti huyu akifika miaka 12, na tena akiwa na 18, huenda akalia upya kwa maswali mapya, kwa kuwa akili yake itakuwa imekua na itamkosa baba kwa namna ambayo sasa hawezi. Hapo hatakuwa amerudi nyuma.

Mwanzoni mwa Novemba, muuguzi mmoja anayeishi jirani alimchukua Mwalimu kwa afisa ustawi wa jamii. Mwalimu alibeba daftari. Afisa aliitazama orodha na alama ya vema, asicheke. Akachukua karatasi nyingine, akachora nyumba yenye vyumba viwili. Chumba kimoja, alisema, ndimo unamolilia, unamopiga simu, unamonusa shati. Kingine ndimo unamojifunza kununua umeme wa LUKU ambao zamani alinunua yeye, unamokwenda shule kwenye kikao cha wazazi peke yako, unamodai pikipiki. Aliyefiwa hutembea kati ya vyumba hivyo, wakati mwingine mara kumi kwa siku.

Mchoro ule ni wake, lakini wazo linatoka kwa watafiti wawili wa Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walioliandika mwaka 1999. Hawakuweka namba kwenye milango. Jambo la maana kwao ni kule kwenda na kurudi. Anayekaa katika chumba cha kilio bila kutoka anaumia, na anayejifungia katika chumba cha shughuli asiingie kule kabisa naye hulipa baadaye. Mwalimu aliangalia karatasi akaona miezi saba yake: viti, masufuria, sahihi, shule, mitihani ya watoto. Alikuwa ameishi karibu muda wote katika chumba kimoja, na kile kingine alikiingia kwa dakika mbili usiku, kupitia simu. Kijana wa Kahama aliupokea mlango ule akaufunga bila kujua.

Afisa alimuuliza mambo mengine, na hayo mzazi yeyote anaweza kuyaangalia nyumbani. Kati ya mawimbi, unakula? Kuna siku umecheka? Unaweza kumtaja kwa jina? Unaamka kwenda kazini hata kama kwa shida? Umewahi kutamani kufa umfuate? Hakumuuliza ni miezi mingapi tu, kwa sababu kulia mwezi wa saba si ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linatambua hali ya majonzi yaliyoganda, lakini masharti yake ni mazito: hamu au mawazo ya marehemu yaliyotawala karibu kila siku kwa miezi isiyopungua sita, maumivu makali yanayomzuia mtu kuishi maisha yake, na yote hayo yakipita kile ambacho jamii yake na dini yake wanakiona cha kawaida. Tofauti inaonekana kwenye mapumziko. Kama wimbi linakuja na kuondoka, hata likija kubwa, hayo ni majonzi. Kama haliondoki kabisa wiki hadi wiki, au mtu anataja kutaka kufa, asisubiri hatua yoyote ipite, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mwalimu alikuwa na mapumziko. Alicheka wiki iliyotangulia, mtoto wa darasa la tatu alipoandika kwamba saa ina mikono miwili lakini haina miguu.

Ni vizuri kusema hapa kwamba desturi zetu zilikuwa na busara ambayo ujumbe wa mshumaa hauna. Kuanua matanga, arobaini, na eda ya miezi minne na siku kumi kwa wajane Waislamu, zote zina tarehe. Lakini tarehe hizo zinapanga matendo: lini wageni waondoke, lini mjane atoke nje, lini majirani waache kuleta chakula. Bibi zetu waliofanya arobaini walilia tena mavuno yalipofika, na hakuna aliyewaambia wamerudi nyuma. Kosa linaanza pale tarehe ya turubai inapofanywa kuwa tarehe ya moyo.

Kikao cha ukoo kilikaa Novemba hiyo. Mwalimu alikwenda na cheti cha ndoa, cheti cha kifo na karatasi ya hesabu za pikipiki tangu Januari. Shemeji alianza tena habari ya hatua. Baba mdogo, mzee asiyesoma ujumbe wa simu, akamkatisha akauliza kadi iko wapi. Walimpendekeza Mwalimu awe msimamizi wa mirathi, muhtasari ukaandikwa na kupelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Pikipiki ilirudi Januari. Shemeji aliileta mwenyewe jioni, akakabidhi kadi, na helmeti ya marehemu ikiwa imening'inia kwenye usukani. Mwalimu alimshukuru, akamkaribisha chai. Watoto walipolala aliichukua helmeti akaivaa mezani, ndani bado inanuka mafuta ya nywele na jasho, akakaa nayo mpaka saa saba usiku. Asubuhi mvulana aliikuta juu ya meza, akaitundika msumarini nyuma ya mlango bila kusema kitu. Binti aliuliza kama baba ataihitaji. Akajibiwa hapana. Wakaenda shule wote watatu.